Jointi tatu za paipu ya choo inchi nne zimevuja, nimezikata ziko hapa, nisaidieni kusoma ndani

Nnalongo_Kyaliwajjala
Habari zenu ndugu. Niko na nyumba ya kupangisha najenga huku Kyaliwajjala, gorofa mbili juu ya ile ya chini. Paipu za choo ni zile za kijivu za 110, zinapita ndani ya dakti nyuma ya bafu kisha zinatoka kwenda septiki. Fundi aliunga Alhamisi mchana, mvua ilikuwa imetoka kunyesha asubuhi, akamaliza kama saa kumi na moja jioni. Ijumaa saa tatu asubuhi tukafunga plagi chini tukajaza maji mpaka juu kabisa. Haikupita dakika kumi jointi mbili zikaanza kulia machozi na ile kona ya chini ikatoka yote, maji yakamwagika mpaka kwenye simenti ya jirani, nikaomba radhi.

Fundi anasema ni mimi niliharakisha kutest, ningengoja siku tatu ingeshika. Mimi nikamwambia basi tukate tuone. Nimekata zote tatu kwa msumeno wa chuma, kwa urefu, kama unapasua muwa. Nikipanua vipande sielewi ninachoona ndio maana niko hapa. Kabla hajafunika na tailizi nataka kujua ni muda kweli au ni kazi.

kato_wa_saiti
Pole sana mama. Hiyo ni muda tu, gundi ya PVC inataka masaa 24 ndo ushike maji, na huku kwetu na hii mvua weka 48. Fundi wako yuko sawa.

Mzee_Plamba_Jinja
Kato hapo uko sawa nusu, kwa hiyo tusiende haraka. Kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu asubuhi ni masaa 16. Kwa joto letu la kawaida, mchana nyuzi 25 hivi na usiku isishuke sana chini ya 16, paipu ya inchi nne iliyoungwa vizuri ukiiacha nusu saa bila kuigusa inaweza kusogezwa, na kwa presha ndogo jedwali za watengenezaji wengi zinasema kama saa moja na nusu. Kukiwa na unyevu mwingi hewani ongeza nusu ya muda huo. Hata ukiongeza mara tano bado masaa 16 yanatosha. Makopo mengi yameandika 24 na mimi pia huwa nangoja 24, ila sijawahi kuona jointi nzuri ya 110 ikatoka yote baada ya masaa 16 eti kwa sababu haijakauka. Ikitoka yote maana yake haikuwahi kushikana.

Nnalongo nataka vitu vitatu. Pima kina cha soketi ndani, pima paipu iliingia milimita ngapi, halafu niambie ule uso wa paipu uliokuwa ndani ya soketi unafananaje: unang'aa, una mistari, umekwaruzika, kuna maandishi ya kiwanda bado yanasomeka?

Nnalongo_Kyaliwajjala
Asante mzee. Nimepima na rula ya mtoto.

Ya kwanza ni ile T ya choo cha gorofa ya kwanza. Soketi ndani ina kina cha 50, paipu imeingia 31 tu. Upande wa mbele una rangi ya maziwa hivi na umeshikana, ukijaribu kutenganisha plastiki yenyewe inachanika. Upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta, unang'aa kabisa, na ule mstari wa maandishi ya kiwanda nasoma mpaka namba.

Ya pili ni pale paipu imeingia ndani ya paipu nyingine bila soketi, alichoma mwisho wa paipu moja juu ya moto wa karatasi akaipanua. Mdomo si duara, umekuwa kama yai. Gundi ndani ni nene upande mmoja, nikibonyeza na kucha bado ni laini kama ubani.

Ya tatu ni kona ya chini iliyotoka yote. Hii ina mistari mistari kama nyuzi, na nikivuta gundi inatoka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, chini yake paipu ni safi.

Mzee_Plamba_Jinja
Umepima vizuri sana nnyabo, na hizi ni jointi tatu zenye magonjwa matatu tofauti. Nianze na moja moja maana ukielewa hii ya kwanza zingine ni rahisi.

Ile tunaita gundi si gundi kama ya kiatu. Ni PVC yenyewe imeyeyushwa kwenye kiyeyusho kikali. Ukiipaka inaingia kwenye ngozi ya paipu na ngozi ya soketi, zote mbili zinalainika na kuvimba kidogo, ukizisukuma pamoja zinaingiliana, kisha kiyeyusho kinapotoka polepole inabaki plastiki moja. Ndio maana upande wa mbele ukijaribu kutenganisha plastiki inachanika: pale hakuna paipu na soketi tena, kuna kitu kimoja. Rangi ya maziwa ni plastiki iliyovutwa mpaka ikachoka, ni dalili nzuri.

Nyuma kunang'aa na maandishi yanasomeka kwa sababu brashi haikufika huko. Kiyeyusho kikigusa ng'aro ya kiwanda kinaiua na wino wa maandishi unatapakaa. Ukiona maandishi masafi ndani ya soketi iliyokatwa hapo hakukuwa na gundi, au ilikuwepo lakini juu ya maji. Kwenye dakti mkono hauzunguki nyuma, kwa hiyo fundi anapaka mbele anategemea akizungusha paipu gundi itafika nyuma. Na kwenye 110 mtu hazungushi sana, paipu ni nzito na T ina tawi lazima litazame choo, kwa hiyo anasukuma moja kwa moja.

Halafu 31 kati ya 50. Ama hakuweka alama kwenye paipu kabla ya kupaka, ama alisukuma ikafika kisha ikarudi. Gundi mbichi ni kama mafuta ya kulainisha, soketi ikiwa na mkazo inaisukuma paipu irudi nje mwenyewe. Lazima ushike kama sekunde 30 bila kuachia, na kwa inchi nne bora muwe wawili, mmoja anapaka paipu huku mwingine anapaka soketi, maana mmoja akianza mwanzo akimaliza mwisho mwanzo umeshakauka. Mwulize fundi kama alikuwa peke yake.

Nnalongo_Kyaliwajjala
Alikuwa peke yake, kijana wake alitumwa kununua mchanga.

opio_gulu
Mzee samahani naingilia, mimi niko na tanki jeusi na bomba jeusi la kuzungushwa lile linatoka kisimani, nilitumia hii hii gundi ya PVC kuunga na kipande cha kijivu, ikatoka siku ya pili. Ni gundi feki?

Mzee_Plamba_Jinja
Opio hilo bomba jeusi ni polithini, kiyeyusho cha PVC hakiingii kabisa kwenye ngozi yake, hata upake lita nzima inakaa juu tu. Hapo ni fitingi za kubana na nati au kuyeyusha kwa mashine ya joto. Si lazima gundi iwe feki.

fundi_Swaleh_Arua
Mimi nachangia upande wa praima kwa sababu naona hakuna aliyeuliza. Mama, fundi alipaka kile kimaji cha zambarau au kisicho na rangi kabla ya gundi? Nimefanya kazi na kampuni moja ya nje tulijenga hospitali, msimamizi alikuwa anapita anaangalia kila jointi kama ina alama ya zambarau nje ya soketi, isiyo na alama anaikata hapo hapo. Tangu siku hiyo siungi 110 bila praima.

Nnalongo_Kyaliwajjala
Hapana, nimeona kopo moja tu la gundi na hilo lilikuwa limefunguliwa tangu kazi ya maji safi wiki mbili nyuma. Kifuniko kilikuwa kimepotea akawa anafunika na kipande cha nailoni.

kato_wa_saiti
Praima ni biashara ya hadweya tu jamani. Miaka kumi na nne niko saiti za Kampala na Mukono, sijawahi paka praima kwenye maji taka na nyumba zangu hazivuji. Unapiga msasa, unafuta, unapaka gundi nyingi ndani na nje, unasukuma. Gundi nyingi ndo siri.

Mzee_Plamba_Jinja
Kato wewe na Swaleh nyote mna ukweli ndani yake na sitaki tugombane hapa. Praima ni viyeyusho vitupu bila plastiki ndani. Inafanya kazi mbili, inaondoa mafuta ya mikono na ng'aro ya kiwanda, na inaanza kulainisha ngozi kabla gundi haijafika, kwa hiyo gundi ikija inakuta mlango wazi. Wamarekani kwenye PVC kwa kawaida wanaitaka kwa sheria ya ujenzi na ile zambarau ni ili mkaguzi aone. Waingereza kwenye paipu za maji taka wengi wanatumia kisafishio tu kisha gundi. Na kuna gundi zimetengenezwa kutumika bila praima. Kwa hiyo cha kufuata ni kopo lenyewe limeandika nini.

Kipimo changu ni hiki, chukua kipande cha paipu kilichobaki, paka praima au gundi unayotumia, ngoja sekunde kumi na tano, kisha kwaruza na ncha ya kisu. Ikitoka ngozi nyororo kama unaparua sabuni iliyolowa, ngozi imelainika endelea. Kisu kikiteleza juu, ongeza praima au tafuta gundi nyingine. Asubuhi ya baridi kule Kabale hili linaonekana sana, plastiki ikiwa baridi inachelewa kulainika na hapo praima inakuokoa.

Ila msasa wako Kato ni mzuri, unaua ng'aro. Lakini "gundi nyingi ndani na nje" hapo ndipo nakukatalia. Kwenye soketi paka nyembamba, kwenye paipu paka ya kutosha. Ukijaza soketi, paipu inaisukuma yote mbele inakuwa dimbwi ndani ambalo halina pa kutokea, linaendelea kula ukuta wa paipu polepole na linaacha ukingo ndani, nywele na karatasi zinanasa hapo. Nje ukiona kashanga kembamba kamezunguka mdomo wote wa soketi bila kukatika, imetosha, futa na kitambaa. Kashanga kakikatika mahali, pale hakukuwa na gundi. Ile T ya Nnalongo naamini nyuma hakukuwa na kashanga.

Nnalongo_Kyaliwajjala
Ngoja nikaangalie na tochi.

Kweli mzee. Mbele kuna uvimbe umetiririka mpaka chini, nyuma hakuna kitu kabisa, kumebaki vumbi la matofali.

fundi_Swaleh_Arua
Na ile ya tatu yenye nyuzi ni kopo lenyewe. Kopo la wiki mbili bila kifuniko kiyeyusho kimeshatoroka. Gundi nzuri ukiinua brashi inatiririka kama asali ya moto, ikianza kudondoka madonge madonge au kuvutika kama jibini ya pitsa imekwisha hiyo. Ukiipaka inakaa juu ya paipu kama ngozi, haiingii. Ndio maana anaivuta inatoka yote na chini paipu ni safi. Mafundi wengi wanaiongezea thina ya rangi au petroli ili ilainike, inaonekana nzuri kwa macho lakini nguvu hairudi. Kopo likishakuwa uji mzito ni kutupa.

Pia brashi. Makopo madogo yanakuja na kibrashi cha paipu ya nusu inchi. Kwa 110 unataka brashi yenye upana karibu nusu ya paipu, hata ya rangi ya inchi mbili inafaa mradi nywele zisiwe za plastiki zikayeyuka. Na kibrashi kidogo unapaka dakika nzima, jua la mchana limeshafanya ngozi juu, ukisukuma umechelewa.

Mzee_Plamba_Jinja
Hapo Swaleh amemaliza. Naongeza tu kwa nini ni hiyo ya chini iliyotoka na si zile za juu. Nnalongo, gorofa zako tatu ukijaza maji mpaka juu ni kama mita 9. Kila mita 10 ni baa moja, kwa hiyo chini una karibu 0.9. Kwa mdomo wa 110 hiyo ni karibu kilo 80 zinasukuma plagi na kona pale chini. Jointi nzuri inabeba, lakini kona isiyofungwa kwa klipu wala kuegemezwa kwenye zege na gundi ni ngozi ya maziwa lazima ijitoe. Paipu za maji taka hazikutengenezwa kusimama na maji yote hayo. Siku nyingine jaza gorofa moja moja, kama mita 3, funga na plagi ya mpira ya kujaza upepo, ngoja robo saa uangalie kila jointi kwa mkono mkavu. Au pima kwa hewa, milimita 38 za maji kwenye kimpira cha plastiki chenye maji kilichokunjwa kama U, ikikaa dakika 3 bila kushuka umepita.

Na msiwashe kiberiti wala kuchomelea karibu na paipu iliyotoka kuungwa na kufungwa pande zote. Mvuke ule unakaa ndani na unawaka. Dakti iachwe wazi ipitishe hewa, na hiyo hewa pia ndiyo inakausha jointi.

nakato_mpangaji
Hii ya kuchoma paipu kwenye moto mbona kila mtu anafanya? Nyumba yote ninayopanga imechomwa hivyo na haivuji.

Mzee_Plamba_Jinja
Inafanyika kila mahali dada, kutoka Busia mpaka Kasese, kwa sababu soketi moja ni hela na vipande vilivyobaki viko. Paipu ya mvua ya nje haina shida kubwa. Lakini angalia jointi ya pili ya Nnalongo. Soketi ya kiwanda inabana paipu sawa pande zote na gundi inabaki utando mwembamba. Mdomo uliochomwa ni yai, upande mmoja unabana na mwingine una nafasi ya milimita mbili tatu. Gundi ikijaza nafasi ile, kiyeyusho kikitoka inasinyaa, na katikati haikauki kwa wiki kadhaa, ndiyo hiyo laini kama ubani. Hapa ndipo fundi wake angekuwa sawa kuhusu muda, jointi ile labda ingehitaji wiki, na hata hivyo ingebaki na vinjia vya maji. Tena pale moto ulipopita plastiki imekuwa nyembamba, ikigeuka kahawia imeungua na itapasuka.

Kipimo cha kujua kabla ya gundi ni kuingiza kavu. Paipu ikae ndani ya soketi, uitikise kushoto kulia. Ikicheza, usipake gundi, tafuta fitingi nyingine.

kato_wa_saiti
Mzee hapo kwenye kuchoma nakubali, mimi pia choo sichomi. Ila mama kabla ya kukata kila kitu, kuna dawa, unasaga unga wa PVC ule wa msumeno unachanganya na gundi unapaka nje kuzunguka jointi. Nimeokoa nyingi hivyo.

Mzee_Plamba_Jinja
Kwenye paipu ya mvua nakubali itazuia tone. Kwenye choo ndani ya dakti itakayofungwa na tailizi, hapana. Ule mchanganyiko umeshika mdomo wa soketi kwa nje tu, ndani bado hakujashikana, paipu ikirefuka na maji ya moto ya bafu na kurudi kila siku utakatika. Na jointi ya gundi haifunguliwi ikaungwa tena, soketi ile imekufa. Nnalongo kata paipu juu na chini ya T, weka T mpya na vipande vifupi vipya, juu uunge kwa soketi ya raba ya kuteleza kwa sababu hutaweza kusukuma paipu ndani ya soketi mbili za gundi kwa wakati mmoja kwenye paipu iliyosimama wima.

Kata iwe nyoofu, funga karatasi kuzunguka paipu upate mstari. Toa makali ya nje kwa tupa, kwa sababu makali ya msumeno yanakwangua gundi yote kutoka ndani ya soketi wakati unasukuma. Futa mpaka pakavu, kwa mvua hii futa mara mbili. Weka alama ya 50 kwa kalamu ili ujue imefika. Kwa hiyo T nyuma ya ukuta, unga vipande nje kwenye mwanga, uingize dakti ikiwa imekauka.

Nnalongo_Kyaliwajjala
Nimemsomea fundi yote, amekaa kimya kisha akasema kopo ndilo alipewa na mimi, na ni kweli pesa ya kopo jipya niliikataa nikamwambia lile bado lina gundi. Kwa hiyo T na kona nalipa mimi, kazi anarudia yeye, ile ya kuchoma bado tunabishana. Leo asubuhi ameunga T nje juu ya meza na kijana wake, kopo jipya na praima, alama ya 50 imefika na kashanga kamezunguka wote, nimepitisha kidole.

Swali langu la mwisho, zile jointi nyingine nane za juu ambazo hazikuvuja ziliungwa na kopo lile lile siku ile ile. Nizikate pia?

fundi_Swaleh_Arua
Mimi ningekata zote. Ngozi ya maziwa inaweza kukaa mwaka kisha itoke siku mtu anazibua choo.

kato_wa_saiti
Nane ni hela nyingi Swaleh. Apime gorofa kwa gorofa, zikishika aache.

Mzee_Plamba_Jinja
Mimi ningekata moja tu ya juu, ile iliyoungwa mwisho jioni gundi ikiwa nzito zaidi, nisome ndani kisha niamue. Nnalongo, kama fundi anakumbuka alianzia wapi na kuishia wapi, mwulize kabla hajasahau.

Nnalongo_Kyaliwajjala
Anasema alianzia juu akashuka, kona ya chini ndiyo ya mwisho. Kesho nakata ile inayofuata kona kwenda juu, naweka vipimo hapa.